Sufuria ilionekana inatosha, wali ukainua kifuniko: mnapimaje kabla ya kuinjika?

#1 Mama Pacha

Wakuu, naomba msaada. Juzi nilikuwa na wageni, nikainjika mchele kilo moja na nusu kwenye sufuria ya lita 5. Nilitia mchele, nikatia maji vikombe 11, nikaangalia: bado nafasi ya vidole vinne hadi ukingoni. Nikaridhika. Maji yalipokaribia kukauka nikasikia kifuniko kinagonga. Kufunua, wali umefika juu kabisa na unaendelea kupanda. Nikaanza kuchota na kuhamishia kwenye sufuria nyingine, huku wa juu una kiini kigumu na wa chini umeshaanza kushika ukoko.

Swali langu: mwanzoni vyote vilienea, mchele na maji yote. Sikuongeza hata tone. Sasa hicho kilichozidi kimetoka wapi? Na nyie mnajuaje, kabla ya kuwasha moto, kwamba sufuria itatosha? Nataka kujua kwa wali, makaroni na hata uji wa oti, maana vyote vimeshanifanyia hivi.

#2 Jiko la Nne

Pole dada. Kanuni ni moja tu: kila kikavu kikipikwa kinakuwa mara tatu. Mchele mara tatu, makaroni mara tatu, oti mara tatu. Zidisha kwa 3 umemaliza kazi.

#3 Kijana wa Bwenini

Mimi naona ulikosea maji. Kikombe 1 cha mchele kwa vikombe 2 vya maji. Ukitia maji kidogo wali hauivi, ukizidisha unakuwa bokoboko. Mchele wa aina gani? Nikuelekeze.

#4 Mama Pacha

@Kijana wa Bwenini asante, lakini siulizi maji kiasi gani. Wali nikiupika kidogo unatoka vizuri. Nauliza ukubwa wa sufuria.

#5 Fundi Mizani

Nimepika jikoni za watu wengi kwa miaka kadhaa, na swali la "kimetoka wapi" ni zuri kuliko linavyoonekana. Wengi tunadhani mchele unavimba, basi. Lakini ukivimba unavimba kwa maji yaleyale yaliyomo sufuriani. Kama punje imenywa maji, maji yamepungua kwa kiasi hichohicho. Kwa hesabu hiyo tu, kina kisingepanda hata kidogo, tena kingeshuka kwa sababu ya mvuke unaotoka.

Kinachoongezeka ni nafasi za hewa kati ya punje. Fanya jaribio hili bila kuwasha moto: jaza kikombe mchele mkavu hadi ukingoni, kisha mimina maji taratibu kutoka kikombe kingine mpaka yafike juu. Utashangaa, yataingia karibu nusu kikombe. Maana yake kikombe chako "kilichojaa mchele" kina mchele nusu na ushee tu, kilichobaki ni hewa.

Sasa unapoinjika, maji yanaziba zile nafasi zote. Ndiyo maana kikombe 1 cha mchele ukikitia kwenye vikombe 2 vya maji, hupati vikombe 3. Unapata kama 2 na nusu. Macho yanakudanganya hapo. Maji yakishakauka, punje zimenenepa na zimesimama zenyewe, na kati yake hewa imerudi, tena kwenye mapengo makubwa zaidi. Rundo lile linafika vikombe 3.

Kwa hiyo kina cha mwanzo hakikuambii kina cha mwisho. Wali unamalizia juu ya pale maji yalipokuwa.

#6 Mama Pacha

Nimefanya sasa hivi. Kikombe cha mchele kimemeza maji karibu nusu kikombe kweli. Miaka yote hii!

#7 Bibi Mwiko

Mwanangu, sisi tulifundishwa hivi: mchele mkavu usipite robo ya sufuria. Basi. Ukishautia mchele, kabla ya maji, tia mwiko wima uone. Ukipita robo, badili sufuria. Sijawahi kuzidisha kwa tatu wala kwa nne na wali wangu haujawahi kuinua kifuniko.

#8 Fundi Mizani

@Bibi Mwiko shikamoo. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe, umeisema kwa mwiko. Robo mara tatu ni robo tatu, na robo moja inabaki ya povu, mvuke na kupindua wali.

Tuichukue sufuria ya Mama Pacha. Lita 5 ni vikombe 20 vya mililita 250. Kilo moja na nusu ya mchele ni kama vikombe 7 na nusu, kwa kuwa kikombe kimoja kina gramu 200 hivi. Robo ya 20 ni 5. Amepita robo kwa vikombe viwili na nusu. Mwanzoni punje zenyewe bila hewa zilikuwa kama vikombe 4, ongeza maji 11, ni 15. Robo tatu ya sufuria, ndiyo vile vidole vinne alivyoviona. Mwisho wake 7 na nusu mara 3 ni 22 na nusu ndani ya sufuria ya 20. Hapakuwa na njia.

Na kabla hujaamini lita zilizoandikwa kitakoni, ipime sufuria yako kwa vikombe vya maji hadi ukingoni. Lita wanazoandika mara nyingi ni za hadi ukingoni kabisa, na hakuna anayepika hadi ukingoni.

#9 Jiko la Nne

Kwa hiyo nilikuwa sahihi, mara tatu.

#10 Fundi Mizani

Kwa mchele, ndiyo, na hata hapo si mchele wote. Ule mfupi unaonata unatoka pungufu, kama mara mbili na nusu, kwa sababu punje zinashikana na hewa haipati pa kukaa. Ule uliochemshwa kiwandani kabla ya kukobolewa unaweza kuzidi tatu. Kwa makaroni na oti umekosea, tutafika.

#11 Mpenda Kuloweka

Mnaisahau kitu. Mimi huloweka mchele nusu saa. Ukishaloweka umeshavimba kiasi, kwa hiyo ukipima baada ya kuloweka halafu uzidishe kwa tatu utapata uongo. Pengine Mama Pacha aliloweka?

#12 Mama Pacha

Sikuloweka. Ila mchele huo ulikuwa umekaa ndani muda mrefu sana, karibu mwaka.

#13 Mpenda Kuloweka

Basi umejijibu. Mchele mkuukuu unakunywa maji mengi na kufura kuliko mpya. Nadhani hicho ndicho kisa, si robo.

#14 Bibi Mwiko

Mchele mkuukuu unafura, kweli kabisa. Lakini hata ungekuwa mpya, vikombe saba na nusu kwenye sufuria hiyo? Hapana mwanangu.

#15 Mtoto wa Sayansi

Naomba kuongeza sababu ya tatu. Kifuniko kilikuwa kinagonga, maana yake mvuke ulikuwa unasukuma. Wali ukiwa mzito, mvuke unaotoka chini unakwama na kuinua rundo zima, kama unga wa mkate unavyoumuka. Ukizima moto, rundo linashuka kidogo. Mama Pacha, ulipozima haukushuka?

#16 Mama Pacha

Sikuangalia, nilikuwa nachota huku mkono unaungua.

#17 Fundi Mizani

@Mtoto wa Sayansi hoja yako ina uzito wakati maji bado yapo, maana hapo kuna povu pia. Mimi sijaona rundo la wali uliokauka likishuka kwa kiasi cha kuokoa sufuria. Lakini sijalipima kwa rula, kwa hiyo silikatai.

#18 Zamu ya Usiku

Tukiwa bado kwenye maji: kwa nini kipimo cha 1 kwa 2 kinaniangusha nikipika mwingi? Kikombe kimoja kinatoka safi. Vikombe sita na maji 12, bokoboko.

#19 Fundi Mizani

Kwa sababu maji yanayoliwa na mchele na maji yanayopotea kwa mvuke ni vitu viwili. Punje inahitaji maji kama kikombe kwa kikombe, pengine na ziada ndogo. Kilichobaki katika ule uwiano wa 1 kwa 2 ni cha mvuke. Mvuke unategemea upana wa sufuria, kifuniko na muda, na mchele ukiwa mara sita mvuke hauwi mara sita. Ukizidisha maji kwa sita, ile sehemu ya mvuke inabaki sufuriani na kuwa bokoboko. Ndiyo maana vikombe 11 vya Mama Pacha kwa mchele 7 na nusu havikuwa kosa.

Na hili linarudi kwenye mada yetu: maji ya ziada yanajaza sufuria mwanzoni bila sababu, halafu povu linakuwa jirani na ukingo.

#20 Kijana wa Bwenini

Kumbe. Nilikuja kufundisha, nimefundishwa. Asante.

#21 Msomaji Kimya

Hamjagusa makaroni. Mimi natumia sufuria hiyohiyo ya lita 5, natia maji lita 4 na makaroni gramu 500. Kila mara inamwagika ndani ya dakika mbili za kwanza. Ina maana makaroni yanafura haraka kuliko mchele?

#22 Fundi Mizani

Hapana, dakika mbili za kwanza hayajafura chochote cha maana. Hilo ni povu. Wanga unatoka kwenye makaroni, maji yanakuwa mazito kidogo, viputo havipasuki, vinapandana. Gramu 500 za makaroni bila hewa zinachukua nafasi ya kama theluthi moja tu ya lita. Lita 4 na theluthi kwenye sufuria ya 5, povu limebakiwa na nafasi ndogo. Punguza maji hadi lita 3 au 3 na nusu, koroga mara tu unapoyatia yasishikane, ukishaona yanachemka tena punguza moto. Yataiva vilevile.

Na katika sufuria ya makaroni kina hakipandi mpaka mwisho. Yananenepa, lakini kwa maji yaliyomo humo, na maji bado yameyafunika, kwa hiyo hakuna hewa ya kuingia katikati. Tofauti na wali.

#23 Dada Chujio

Hapo nina ushuhuda. Sufuria haikunisumbua, chujio ndilo lililonisumbua. Nilipika pakiti mbili za gramu 500, nikamwaga kwenye chujio dogo, nusu yakaenda kwenye sinki. Sufuriani yalikuwa yanaelea yanaonekana machache. Siku hizi najua: vikombe 5 vikavu vya makaroni mafupi yaliyopinda vinatoka kati ya 8 na 10. Kama maradufu hivi. Chujio na bakuli ndivyo vinavyotakiwa kuwa vikubwa.

#24 Jiko la Nne

Sawa, kwa makaroni naondoa tatu yangu. Ni mbili.

#25 Dada Chujio

Na si mbili kwa maumbo yote. Yale ya mirija minene yenye tundu yanaongezeka kidogo, kwa sababu hata yakiwa makavu kikombe kimejaa hewa, ndani ya tundu na nje. Nimewahi kupata kikombe kimoja na nusu tu kutoka kimoja. Tambi ndefu ndizo usijaribu kikombe kabisa. Pima kwa mizani: uzito unazidi mara mbili kidogo zikiiva.

#26 Zamu ya Usiku

Naomba mnisaidie na langu. Supu yenye makaroni niliipika jana, sufuria ilikuwa robo tatu, ya majimaji kabisa. Asubuhi kijiko kinasimama. Hakuna aliyeigusa.

#27 Bibi Mwiko

Yameinywa supu yote usiku kucha. Makaroni hayajui kwamba umezima moto. Pika makaroni kando, uyatie kwenye bakuli wakati wa kula.

#28 Zamu ya Usiku

Na supu iliyobaki niiongeze maji?

#29 Bibi Mwiko

Ongeza ya moto, kidogokidogo, uonje chumvi. Lakini hamishia kwanza kwenye sufuria kubwa, usije kufungua uzi mwingine.

#30 Mzee wa Uji

Nilikuwa nawasubiri mfike kwenye oti. Naandika kirefu kwa sababu hili lilinigharimu.

Nilizoea oti zile zilizolazwa bapa. Kipimo changu vikombe 2 vya oti, 4 vya maji, kwenye kisufuria cha lita moja na nusu, yaani vikombe 6. Unatoka uji vikombe 4 hivi, haujawahi kunisumbua. Siku moja nikapewa oti za kukatwa, zile chembe ngumu kama mchele uliovunjika. Nikapima vilevile, 2 kwa 4. Baada ya robo saa zikawa zege na bado ngumu. Nikaongeza maji vikombe 2. Zikanywa. Nikaongeza kingine. Kisufuria kimejaa, uji unaruka matone ya moto, na chembe bado zina kiini. Nikaishia na sufuria mbili na jiko zima la kufuta.

Baadaye nikapima kwa mizani. Kikombe cha oti bapa kilikuwa na gramu 90. Kikombe cha oti za kukatwa kilikuwa na gramu 170 na ushee. Kikombe ni kilekile, oti karibu mara mbili.

#31 Fundi Mizani

Mzee wa Uji amemaliza kila kitu. Bapa zimelala moja juu ya nyingine na hewa tele katikati, zikiloa zinaanguka na hewa inatoka. Kikombe 1 kwa maji 2 kinakupa uji vikombe 2 tu, wala si 3. Za kukatwa zimejaa, zinataka maji 3 hadi 4 kwa kikombe 1, na uji unatoka kati ya 3 na 4. Kwa uji wa aina yoyote, ujazo wa mwisho ni karibu sawa na maji uliyotia. Pima maji, hapo umeshapima uji.

#32 Jiko la Nne

Kwa hiyo kwa oti za kukatwa ile tatu yangu ni sahihi.

#33 Dada Chujio

Jiko la Nne, hiyo tatu yako hutaiacha! 😂

#34 Mama Pacha

Lakini kama uji hauzidi maji, kwa nini unamwagika? Wangu huwa umefika nusu ya sufuria tu, nageuka nichukue sukari, tayari uko kwenye jiko.

#35 Mtoto wa Sayansi

Povu tena. Uji wa oti una wanga na protini, na vyote viwili vinashikilia viputo. Ukipika kwa maziwa ni mbaya zaidi. Povu linaweza kupanda hadi ukingoni kwa sekunde chache, na ukiondoa moto linaanguka palepale. Ndiyo dalili ya kulitofautisha: kinachoshuka ukizima ni povu, kisichoshuka ni chakula kilichozidi sufuria.

#36 Mwanafunzi wa Mwisho

Mimi napika oti kwenye maikrowevu, bakuli ndogo, kila siku inamwagika. Nikatumia bakuli inayobeba mara tatu ya uji wenyewe, haijamwagika tena. Nawasha nusu dakika, nasimamisha, nakoroga, naendelea.

#37 Msomaji Kimya

Nimesikia ukilaza mwiko wa mti juu ya sufuria povu halimwagiki. Ni kweli?

#38 Bibi Mwiko

Ni kweli. Naufanya kila siku.

#39 Mtoto wa Sayansi

Ni kweli kwa muda. Povu likigusa mti mkavu, wa baridi, viputo vinapasuka. Mwiko ukishaloa na kupata moto, povu linaupita.

#40 Bibi Mwiko

Huo muda unatosha kupunguza moto, mwanangu. Mimi sikuulaza niende sokoni.

#41 Kijana wa Bwenini

Na kijiko cha mafuta?

#42 Dada Chujio

Kinapunguza povu, ila mchuzi haushiki vizuri kwenye makaroni. Mimi napunguza maji tu.

#43 Fundi Mizani

Jambo moja kwa wenye sufuria za presha, kabla uzi haujazama. Humo usitumie hesabu ya robo tatu. Kwa vyakula vinavyofura na kutoa povu, wali, makaroni, oti, maelekezo yake huwa yanasema usipite nusu, ukihesabu na maji. Hapo shida siyo kuchafua jiko: povu likipanda linaweza kuziba tundu la mvuke. Zipo ambazo maelekezo yake yanakataza kabisa oti na makaroni. Someni ya kwenu.

#44 Mama Pacha

Narudi na majibu. Leo nimepika vikombe 5 vya mchele uleule mkuukuu, sufuria ileile, maji vikombe 7 na nusu. Kwanza nimeupima kwa mwiko wa Bibi, ukafika robo kamili. Umeiva wote, juu na chini, na nilipata nafasi ya kuupindua. Nilipoipua nikaupima kwa kikombe bila kuushindilia: 14 na kidogo.

Nimechora alama ya robo kwa msumari kwenye mpini wa mwiko.

#45 Mpenda Kuloweka

Kama ni 14 na mchele ni mkuukuu, basi nadharia yangu ya ukuukuu imeyumba. Ulitakiwa kupita 15.

#46 Fundi Mizani

Si lazima. Ulitia maji kikombe na nusu kwa kila kimoja, mtu wa 1 kwa 2 angepata zaidi. Na kuchota kwa kikombe kunabana wali hata usiposhindilia.

#47 Mtoto wa Sayansi

Au ulishuka baada ya kuuipua, kama nilivyosema. Mama Pacha, safari ijayo pima kina kwa mwiko moto ukiwa bado unawaka, halafu tena baada ya dakika kumi.

#48 Mama Pacha

Jumamosi nina wageni tena. Nitapima mara zote mbili, nitaleta hapa.

#49 Jiko la Nne

Na mchele wa kahawia, usiokobolewa? Mimi leo nimepata mbili na nusu kutoka kikombe kimoja, na bado una utafuna-utafuna. Haujaiva au ndiyo mwisho wake?